Mita 360 Ziko Wapi?

Katibu husoma andiko la mradi kuanzia nyuma. Mwanzoni nilidhani ni mazoea ya uzee, kama watu wanaoanza gazeti kwa tanzia. Anapitisha kidole gumba chini ya ukurasa wa mwisho, analipindua rundo zima kifudifudi, na bahasha ya kaki iliyokuja nalo anaiweka juu ya jalada asilione jina la kikundi. Kisha anachonga penseli kwa kisu kidogo cha jikoni, anaomba chai iongezwe tangawizi, na kuanza na mchanganuo wa bajeti.

Chumba tunachokaa kipo Majengo, mjini Moshi, nyuma ya duka la vifaa vya umeme, na dirisha lake moja linatazama ukuta wa jirani. Asubuhi ya mbingu safi ukitoka mlangoni unaiona Kibo, ila kazi yetu huangukia miezi ambayo mlima umejifunika. Tupo watano, wote wa kujitolea, na fedha tunazogawa ni ndogo: ruzuku za vikundi vya wakulima, wafugaji wa nyuki, kina mama wa vitalu vya miche. Raundi moja huleta maandiko 40 hivi, nasi tuna wiki tatu. Yeye tunamwita Katibu kwa sababu alikuwa katibu wa chama cha msingi cha kahawa kwa miaka mingi, enzi ambazo kila gunia lililoshuka kwenda KNCU lilikuwa na mstari wake kwenye daftari. Amestaafu, jina likabaki. Sisi wadogo tunaanza na shikamoo, yeye anaitika marahaba bila kuinua macho.

Miaka hii miwili mitatu swali limekuwa lile lile mezani: hili wamefikiri wenyewe, au wamepewa na mashine? Simu ya kijana yeyote inaweza kukuandikia kurasa nane za andiko kwa dakika moja, zenye utangulizi, malengo mahususi, viashiria na uendelevu, Kiswahili kimenyooka kama suruali ya sherehe. Mwenzetu mmoja alikuja na pendekezo la kununua programu inayobaini maandishi ya akili mnemba. Unabandika maneno, inakupa asilimia. Katibu aliuliza swali moja tu: ikisema asilimia 70, nitamwambia nini mtu aliyetembea kutoka Kibosho kuleta bahasha?

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kampuni ya OpenAI, ambayo ndiyo iliyotengeneza ChatGPT, ilikuwa na chombo chake cha kubaini maandishi ya mashine, na Julai 2023 ikakiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, insha sita katika kila kumi zilihukumiwa kuwa za mashine, na zote zilikuwa za watu. Sababu yenyewe ni rahisi. Nyingi ya programu hizi hupima kama maneno yanatabirika, na mtu anayeandika kwa lugha aliyoipata darasani hutumia maneno anayoyaamini, yale yale, kwa mpangilio aliofundishwa. Sasa fikiria andiko la mzee aliyewaza kwa Kichagga, akamsimulia mjukuu kwa Kiswahili, mjukuu akaandika kwa Kiswahili cha shule. Anatabirika kuliko ratiba ya misa.

Nami nina la kukiri hapa. Kabla hata ya mazungumzo ya programu, nilijifanya programu mwenyewe. Nililipa alama za chini andiko moja kwa sababu kila aya ilianza na "aidha" au "vilevile", na kila sentensi ilipanga mambo matatu matatu. Nikaandika pembeni kwa kujiamini: si lao. Baadaye ikajulikana kwamba mwandishi ni mwalimu mkuu mstaafu, na kwamba ameandika hivyo hivyo barua zake zote tangu ujana, hata za mwaliko wa kipaimara. Sikufukuzwa mezani, ila Katibu alinisogezea kiti karibu na chake, na kuanzia raundi iliyofuata nikawa namtazama anavyosoma.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba yeye hatafuti aliyeandika. Huku kwetu maandiko hayajawahi kuandikwa na mwenye wazo peke yake. Kabla ya mashine kulikuwa na kijana wa steshenari, anayechapa kwa kurasa na anayo mifano ya mwaka jana kwenye kompyuta. Kabla yake kulikuwa na padri, mwalimu, bwana shamba. Mkono wa mtu mwingine kwenye karatasi si kosa. Anachotafuta ni kama kuna mtu, popote alipo nyuma ya karatasi hiyo, aliyesimama mbele ya tatizo akachagua. Na uchaguzi, anasema, unaonekana kwanza kwenye hesabu, kwa kuwa hesabu haina pa kujificha.

Acha nieleze kwa maandiko mawili ya raundi moja. Nimebadili mambo ya kuvitambulisha vikundi, hesabu nimeziacha. Yote mawili yalihusu mifongo, ile mifereji ya asili inayotoa maji kwenye mito ya mlimani na kuyatembeza kwenye ubavu wa mteremko hadi vihambani. Wachagga waliichimba karne kadhaa kabla ya mtu wa vipimo kufika, wakipata mwinamo kwa kuyafuata maji yenyewe, na mingi bado inafanya kazi kwenye migomba na kahawa. Kasoro yake ni kuvuja. Kwa hiyo kila raundi hatukosi kikundi kinachotaka kuujengea mfereji kwa zege.

Andiko la kwanza lilikuwa la kurasa tatu, chapa mbaya, herufi kubwa mahali pasipostahili. Liliomba kujengea mita 60 tu. Katibu alipofika kwenye mchanganuo akakuta sementi mifuko 50, akaandika kwenye daftari lake la mistari: kitako nusu mita, kingo mbili za sentimita 40 kila moja, jumla mita 1.3 za kupakwa zege. Unene sentimita 10. Kila mita ya mfereji inataka zege mita za ujazo 0.13. Zege la moja kwa mbili kwa nne hula mifuko sita na ushee kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo mfuko mmoja unakwenda mita 1.2. Sitini gawanya kwa 1.2 ni 50. Akaweka alama ya vema, ndogo, kama ya mwalimu asiyetaka kumpa mtoto kichwa.

Chini ya sementi palikuwa na mstari uliomsimamisha. Mchanga na kokoto: ndoo 525 za lita 20, kaya 35, kila kaya safari 15. Akahesabu tena kwa njia yake. Zege lote ni karibu mita nane za ujazo. Mchanga utakuwa kama mita tatu na nusu, kokoto kama saba. Kumi na nusu kwa ndoo za lita 20 ni 525. Lori linaishia barabarani, mawe yatapanda kichwani. "Huyu," aliniambia, "ameubeba huu mzigo kabla hajauandika." Ndipo akageuza kurasa kwenda mbele, na kwenye sehemu ya maelezo akakuta sentensi moja ambayo aliizungushia penseli taratibu. Walisema hawataki kujengea mfereji wote hata wakipewa fedha, kwa sababu migomba iliyo chini ya mfereji inakunywa maji yanayovuja, na ikikauka, mwenye migomba hiyo atakuja usiku na sururu.

Hiyo ndiyo sentensi anayoitafuta kila mara. Anaiita "hapana ya andiko". Mtu aliyefikiri amekataa kitu: njia rahisi, njia ya kisasa, njia aliyoipendekeza mfadhili aliyepita. Na amekikataa kwa sababu inayotoka mahali hapo. Andiko ambalo halijakataa chochote, linalotaka mfereji na mafunzo na miche na kamati ya jinsia na tovuti, halijafika bado kwenye tatizo. Linapita juu kwa ndege.

Andiko la pili lilikuwa kurasa kumi na moja. Lilianza na mabadiliko ya tabianchi duniani, likashuka Afrika Mashariki, likafika Kilimanjaro kwenye ukurasa wa tatu. Hapa niseme kuhusu alama nyingine ya penseli yake. Pembeni ya sentensi fulani Katibu huchora kitu kama sanduku lenye magurudumu mawili. Ni basi. Sentensi ya basi ni ile inayoweza kupanda pale stendi ya Moshi, ikashuka Mbeya, na hakuna mtu wa Mbeya atakayeishangaa. "Mradi utaijengea jamii uwezo na kuongeza umiliki wa rasilimali za maji." Basi. "Wanawake na vijana watashirikishwa katika hatua zote." Basi. Hachukii sentensi za namna hiyo. Anasema fomu yetu wenyewe inaziomba, maana tumeweka kisanduku kimeandikwa Uendelevu na kuacha mistari minane mitupu chini yake. Anazihesabu tu. Andiko hili lilikuwa na mabasi 19 kabla ya ukurasa wa tano.

Mimi ningeliweka pembeni pale pale. Mpango kazi ulionyesha zege linamwagwa Aprili. "Aprili!" alisema Katibu. "Aprili barabara ya kule bodaboda anashuka anasukuma, na yeye anataka zege lishike." Mchanganuo nao ulikuwa na kituko: urefu wa mfereji, mita 1,200, sementi, mifuko 300. Ukiitandaza mifuko 300 kwenye mita 1,200 unapata ganda la sentimita tatu. Hiyo ni lipu, ng'ombe mmoja akikanyaga imekwisha. Kwa macho yangu mambo yalikuwa yamejithibitisha: kurasa nyingi, mabasi mengi, msimu si wenyewe, hesabu haikai. Mashine imeandika na hakuna aliyesoma.

Katibu hakukubali. Alibaki ameitazama ile 300 kwa muda mrefu, chai ikapoa na utando juu. Kilichomsumbua ni kwamba makosa hayakuwa ya aina moja. Andiko lililobuniwa lote, aliniambia, huwa linakubaliana lenyewe kwa lenyewe. Likisema mita 1,200 litatafuta mifuko ya kutosha mita 1,200, kwa kuwa kuzidisha ni rahisi. Hapa namba mbili zimegombana, na ugomvi una maana zimetoka kwa watu wawili. Akachukua penseli akafanya kinyume. Badala ya kuuliza mita 1,200 zinataka mifuko mingapi, akauliza mifuko 300 inatosha mita ngapi. Mia tatu mara 1.2. Akaandika 360 katikati ya ukurasa mtupu, akaizungushia.

Kwenye meza yetu kuna kanuni kwamba hatupigi simu kwa tunaowashuku tu. Tukipunguza maandiko hadi kumi na mbili tunawapigia wote, dakika kumi na tano kila mmoja, wawili kati yetu wakisikiliza. Jioni moja inatosha. Ukiwapigia wenye mashaka peke yao umeshawahukumu, nao sauti yako wataisikia. Hata hivyo kwa hili Katibu aliomba lisikatwe mpaka simu ipigwe, na akaomba namba ya mweka hazina wa kikundi, si ya mwenyekiti wala ya kijana aliyejaza fomu.

Akapokea mzee. Katibu akamwamkia, akauliza habari za kahawa, za mvua, za mke aliyetoka kulazwa KCMC, yote kwa utulivu kama hana haja. Kisha akasema, "Mzee wangu, hizo mita 360 ziko wapi?"

Simu ikawa kimya, tukasikia jogoo.

"Nani amekuambia habari za mita 360?"

"Mifuko yako."

Mzee akacheka, na baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa. Mfereji wote ni mita 1,200, na fomu iliuliza urefu wa mfereji, mjukuu akajaza. Ila panapokula maji ni kuanzia kwenye mringaringa mkubwa hadi chini ya kanisa, ardhi ya changarawe, huko maji yanaingia kama kwenye chujio. Alipapima mwenyewe kwa kamba ya mita 30, akaivuta mara kumi na mbili, na mifuko alihesabu na fundi wake. Aprili? Nani amesema Aprili? Kazi ni Januari na Februari kabla ya masika, mfereji ukifungwa siku kumi, na zamu za maji za siku hizo zimeshapangwa upya, isipokuwa kwa mjane mmoja mwenye kitalu ambaye watamchotea kwa madumu. Hayo yote hayakuwa kwenye kurasa kumi na moja. Mjukuu, tulikuja kujua, alikuwa na jioni moja na simu yenye akili mnemba, na kutoka kwa babu yake alibeba namba moja tu ya kweli.

Katika kutazama kwangu sijaona kitu cha ustadi kama kile, na si kwa sababu aliibua udanganyifu. Aliibua fikra iliyozikwa. Programu huenda ingeliita andiko lile la mashine, na safari hiyo ingesema kweli. Tungelitupa, tukamtupa na mzee. Na mimi, bila programu, ningefika pale pale.

Ile simu nayo ina sanaa yake, na imemchukua muda kuinyoosha. Hamuulizi mtu kile alichokiandika, kwa kuwa kilichoandikwa kinaweza kukaririwa. Anabadilisha sharti moja na kusikiliza kinachosogea. Kwa kikundi cha mita 60 aliuliza: tukikupa nusu, utafanyaje? Mtu ambaye andiko si lake hujibu haraka, tutafanya nusu. Yule mama aliyepokea alinyamaza, kisha akasema nusu msitupe, wapeni wengine. Maji yakitoka kwenye zege katikati ya mteremko yatachimba chini ya ukingo, na mwaka unaofuata zege lote litaning'inia. Alikuwa anakataa fedha kwa sababu ya udongo. Kimya kabla ya jibu hakimtishi Katibu. Majibu yanayokuja yameshapangwa ndiyo humfanya aongeze swali.

Mama huyo tulimpata kwa simu ya pili. Ya kwanza ilipokelewa na mwenyekiti, aliyejibu kila kitu kwa ufasaha na bila kitu ndani. Mambo ya mifongo kwa desturi yalikuwa ya wanaume, na mwanamke aliyepima na kuhesabu hunyamaza kaka zake wakizungumza. Kwa hiyo Katibu huuliza nani alihesabu ndoo, na kumpigia huyo kwa saa yake, mara nyingi baada ya majani ya ng'ombe kukatwa. Hapa ndipo njia yetu inapoweza kuteleza vibaya. Simu inampendelea msemaji. Mwenye haya, mwenye kigugumizi, mwenye Kiswahili cha kuvunjika anaweza kuonekana hana wazo kumbe anatafuta neno. Tumeanza kuruhusu majibu kwa sauti iliyorekodiwa, kwa lugha yoyote ambayo mmoja wetu anaielewa. Wazo si jipya. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, unaosimamiwa kupitia UNDP, umekuwa ukikubali vikundi vilete mapendekezo kwa video au picha badala ya karatasi, ili mwandishi asiwe mlango pekee wa kupitia.

Wenye fedha nyingi nao wamekuwa wakihangaika na jambo hili. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambazo hufadhili sehemu kubwa ya utafiti wa tiba duniani, zilianza mwaka 2023 kwa kuwakataza wasomaji wake wasitumie akili mnemba kutathmini maombi, maana kulibandika andiko la mtu kwenye mashine ni kuitoa siri yake. Kisha Septemba 2025 zikaweka kikomo: mtafiti mkuu mmoja asiwasilishe maombi zaidi ya sita kwa mwaka, na ombi ambalo sehemu yake kubwa imetengenezwa na mashine halihesabiwi kuwa wazo la mwombaji. Kikomo cha sita nakielewa vizuri kuliko katazo la pili. Wazo linachukua muda kuiva, na anayeleta arobaini kwa mkupuo ametuambia jambo bila kuulizwa. Kwa vikundi vyetu tumekiiga: kikundi kimoja, andiko moja kwa raundi.

Kuna waombaji wajanja, bila shaka. Mtu akijua Katibu anapenda ndoo na miti yenye majina, anaiagiza mashine imwekee ndoo na miti. Raundi iliyopita lilikuja andiko la nyuki lililojaa mambo ya mahali, misesewe, miruka, jina la korongo, hata jina la mto. Lilivutia mpaka alipolisambaza juu ya meza pamoja na barua ya mtendaji. Kikundi ni cha Rombo, upande wa mashariki wa mlima. Mto waliosema mizinga itapangwa kando yake ni Weruweru, ambao unashuka upande wa pili kabisa, magharibi ya Moshi. Nyuki wana mbawa, alisema, ila hawa wanachama? Kitu kilichobuniwa hakiwajui majirani zake. Ukikitazama peke yake kinapendeza. Kiweke karibu na barua, na msimu, na bajeti, kinaanza kusukumana nao. Hata hivyo aliwapigia, kwa sababu huenda kijana alikosea mto tu. Hawakuwa na mizinga wala mahali pa kuitundika.

Aina nyingine ni ile iliyoandikwa kwa mkono, makosa kila mstari, inayokufanya uione kuwa ya kweli kwa huruma tu, kumbe imenakiliwa neno kwa neno kutoka andiko lililoshinda miaka miwili nyuma. Hiyo hainidanganyi tena. Daftari la Katibu linayo yote.

Anachoandika kwenye fomu ya alama nacho ni cha kujifunza. Hajawahi kuandika "limeandikwa na mashine". Hawezi kulithibitisha, na mwombaji hawezi kulikanusha, kwa hiyo neno hilo halina kazi. Kwenye andiko la mzee aliandika hivi, kwa mwandiko wake uliolala kulia: urefu na mifuko haviendani, mpango kazi umeangukia masika, mweka hazina anayajua majibu, waandike upya kwa maneno yake. Mwombaji akisoma hayo anajua la kufanya kesho asubuhi. Kila mmoja wetu husoma na kuandika peke yake kabla hatujazungumza, kwa sababu Katibu akitangulia kusema sisi wengine tunageuka waitikiaji. Siku hiyo wawili walitoa alama za chini kabisa, na hawakubadili. Kikundi cha mita 60 kilipata fedha. Mzee hakupata.

Andiko lake lilirudi raundi iliyofuata, kurasa mbili. Mjukuu alikuwa ameketi na babu akamwandikia anayotamka, hata "sasa sikiliza" imebaki katikati ya aya. Nyuma kuna mchoro wa kalamu ya bluu: mringaringa, kanisa, mshale wa maji, na kati yake 360. Katibu alilipindua kifudifudi, akalifunika jalada kwa bahasha ingawa sote tulikuwa tumeshaujua mwandiko, akapitisha penseli kwenye mchanganuo. Kamba. Mbao za fomu. Magunia ya kulowesha zege. Akafika kwenye sementi, akasimama.

"Mifuko 312," alisema. "Hii kumi na mbili ya nini?"

Akasogeza kikombe cha chai pembeni, akavuta simu.